Tembo mmoja, faili moja, maeneo matano: MCP na kerneli zinapopishana

Mwana_Kwakuchinja ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Nina faili la kola ya GPS ya tembo jike mzima anayetembea kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na upande wa Ziwa Manyara, kuanzia Oktoba hadi Machi. Kola ilipangwa kurekodi mahali alipo kila saa, na baada ya kuondoa pointi mbovu nimebaki na karibu pointi 4,200. Nimepewa kazi ya kukadiria eneo lake la maskani na kulichora kwenye ramani itakayowekwa mezani wakati vijiji vya ushoroba wa Kwakuchinja vitakapozungumzia matumizi ya ardhi.

MCP ya asilimia 100, yaani poligoni inayozizunguka pointi zote, imenipa kilomita za mraba 1,180, na ya asilimia 95 imenipa 820. Kerneli ya asilimia 95, yaani eneo linalokadiriwa kwa msongamano wa pointi, kwa upana wa kulainisha wa `href`, imenipa 640. Kisha nikajaribu kubakiza pointi moja tu kwa siku, ile ya saa sita mchana. MCP ya 100 ilishuka hadi 1,010, jambo ambalo nalielewa, kwa kuwa baadhi ya pointi za pembeni zimeondoka. Lakini kerneli ilipanda hadi 910. Tembo ni yule yule na miezi ni ile ile. Inakuwaje nikitupa data eneo linakua? Nilichoandika ni hiki:

```r
library(sf); library(adehabitatHR)
p  <- st_as_sf(d, coords = c("lon","lat"), crs = 4326)
p  <- st_transform(p, 32737)
sp <- as(p["id"], "Spatial")
mcp.area(sp, percent = c(95, 100), unout = "km2")
ud <- kernelUD(sp, h = "href", grid = 500)
getverticeshr(ud, percent = 95, unout = "km2")
```

Fundi_Redio ameandika:

Ndugu, kabla ya kulaumu hesabu, iangalie kola yenyewe. Nimefunga na kufungua vifaa hivi kwa muda mrefu, na ninajua kwamba pointi iliyopatikana kwa setilaiti tatu inaweza kukaa mbali na mahali halisi, hasa mnyama akiwa chini ya miti mizito au kwenye korongo. Ukichukua pointi 4,200 zenye makosa, makosa nayo yanaongezeka. Nadhani ulipochuja ukabaki na pointi za mchana, ulibaki na zile safi zaidi, na ndiyo maana majibu yamebadilika. Chuja kwanza kwa DOP, kipimo cha ubora wa mpangilio wa setilaiti, kisha urudie.

Bi_Takwimu ameandika:

Kuchuja kwa DOP ni jambo jema, Fundi, lakini haliwezi kuwa chanzo cha tofauti hii. Kosa la kawaida la pointi ya kola ni makumi ya mita, wakati upana wa kulainisha unaotumika hapa, kama nitakavyoonyesha, unazidi kilomita moja na nusu. Pointi iliyosogea mita 20 haionekani kabisa ndani ya upana huo. Makosa yanayoharibu eneo la maskani ni yale makubwa mno: pointi zilizorekodiwa kola ikiwa bado ofisini kabla ya kufungwa, au pointi ya sifuri kwa sifuri inayoangukia baharini kwenye Ghuba ya Gine. Pointi moja ya aina hiyo inaivuta MCP ya asilimia 100 kupita nusu ya Afrika, kwa hiyo mwenye faili angeiona papo hapo.

Kiini cha jambo ni namna `href` inavyopatikana. Kanuni yake ni hii:

```
h = σ × n^(-1/6)
σ = sqrt( (var(x) + var(y)) / 2 )
```

Mwana_Kwakuchinja, tafadhali tupatie mkengeuko sanifu wa pointi zako kwa mashariki na kwa kaskazini, ili tufanye hesabu hadharani badala ya kubishana hewani.

Mwana_Kwakuchinja ameandika:

Asante, dada. Kwa mashariki ni karibu kilomita 8, na kwa kaskazini karibu kilomita 6. Kwa pointi za saa sita mchana peke yake vinabaki takriban vile vile.

Bi_Takwimu ameandika:

Basi variansi ni 64 na 36, wastani wake ni 50, na σ ni kilomita 7.07. Kwa pointi 4,200, n ikipandishwa kwa kipeo cha hasi moja ya sita inatoa 0.249, kwa hiyo h ni kilomita 1.76. Kwa pointi 180, yaani moja kwa siku, inatoa 0.421, na h inakuwa kilomita 2.98. Chapisha `ud[[1]]@h` kwenye faili zote mbili, nawe utaona namba zinazokaribia hizo, ila zitakuwa katika mita.

Kerneli hutandaza kilima kidogo juu ya kila pointi, kisha hujumlisha vilima vyote kupata msongamano, na h ndiyo inayoamua kilima kiwe kipana kiasi gani. Kanuni ya `href` imejengwa juu ya dhana kwamba kila pointi imechukuliwa bila kuitegemea nyingine. Ukiipa pointi 4,200 inaamini kwamba umemwona tembo mara 4,200 kwa nyakati zisizohusiana, kwamba unamjua vizuri sana, na kwa hiyo vilima vinaweza kuwa vyembamba. Tembo aliyekuwa kando ya Mto Tarangire saa mbili asubuhi lazima saa tatu awe karibu na hapo. Pointi ya pili imekuambia kidogo sana ambacho hukukijua. Kanuni haina habari na hilo. Kwa hiyo ukubwa wa eneo ulilolipata unafuata namna kola ilivyopangwa kurekodi zaidi ya unavyomfuata mnyama. Laiti kola ingepangwa kurekodi kila dakika 15, ungepata eneo dogo zaidi hata ya hilo la 640.

MCP nayo inakwenda kinyume, kwa sababu haiangalii kitu isipokuwa pointi za nje kabisa. Ni kamba inayozungushwa vigingi vya nje na kuvutwa ikaze. Pointi zikiongezeka inaweza kupanuka au kubaki ilivyo, lakini haiwezi kusinyaa. Ndiyo maana mbinu zako mbili zilipishana njiani ulipopunguza data.

Nyati_Kavu ameandika:

Bi_Takwimu amesema kweli tupu, na dawa yake inajulikana siku nyingi: punguza pointi mpaka zisitegemeane, kisha piga kerneli. Hiyo 910 ndiyo sahihi, na 640 itupwe. Mimi huchukua pointi moja kwa siku kwa kila mnyama, na hakuna msimamizi aliyewahi kunirudisha. Na kama mtu anataka jambo rahisi linaloeleweka na kila mmoja, aweke MCP ya 95 aendelee na maisha. Tafiti za zamani za kola za redio zimejaa MCP, nawe bila MCP huwezi kujilinganisha nazo.

Bi_Takwimu ameandika:

Ndugu Nyati_Kavu, mwelekeo wako ni sahihi, lakini safari umeiishia katikati. Pointi moja kwa siku bado hazijitegemei kwa mnyama anayechukua siku nyingi kulizunguka eneo lake. Tuseme tembo huyu huhitaji kama siku 6 ili mahali alipokuwa paanze kusahaulika. Kutenganisha pointi kwa muda huo mara moja tu bado kunaacha utegemezi mwingi, kwa hiyo ungehitaji kama mara tatu yake, yaani siku 18, na kwa miezi 6 ungebaki na pointi 10. Hapo umetupa karibu kila kitu ulichokilipia.

Kuna tatizo la pili ambalo kwa ramani ya Kwakuchinja ni zito zaidi. Mwana_Kwakuchinja amebakiza saa sita mchana. Tembo hupita karibu na makazi ya watu na kuvuka barabara usiku zaidi, na mchana hukaa kivulini au karibu na maji ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa. Pointi za mchana peke yake zinaweza kumfanya aonekane kama hakanyagi kabisa mashamba ya watu. Anayelazimika kupunguza ni bora achague saa kwa bahati nasibu ndani ya kila siku.

Kuhusu kulinganisha na tafiti za redio tunakubaliana, na mimi pia huiweka MCP ya 100 kwenye jedwali. Ila kumbuka kwamba aliyemfuata mnyama kwa antena akiwa na pointi 60 kwa mwaka na aliyepata 4,200 kwa nusu mwaka hawalinganishiki kwa sababu tu wote wameandika MCP. Wa pili anaweza kupata eneo kubwa zaidi hata kama wanyama wao wanatembea sawasawa.

Mzee_wa_Burunge ameandika:

Niongeze neno kuhusu hiyo MCP ya 95 ambayo watu huipenda kana kwamba asilimia 5 zinazotolewa ni takataka. Kwenye `adehabitatHR`, zinazotolewa ni pointi zilizo mbali kuliko zote na kitovu cha pointi zote. Tuseme tembo wetu ametoka mara moja kwenda nyanda za Simanjiro akakaa wiki nzima. Siku 7 kati ya 180 ni asilimia 3.9. Safari yote hiyo inafutwa, wakati pengine ndiyo safari pekee aliyoifanya katika ardhi ya vijiji upande wa mashariki. Mwenye shamba lililoliwa wiki hiyo akiletewa ramani inayosema tembo hakufika kwake, hatawaamini tena, na atakuwa na haki.

Kosa la upande wa pili ni kinachomezwa bila kuwepo. Mnyama akipita kaskazini na kusini mwa Ziwa Burunge, poligoni inalimeza ziwa zima. Akigusa ufuko wa Manyara sehemu mbili, kipande cha maji kati yake kinahesabiwa kuwa maskani. Kijana, weka poligoni yako juu ya picha ya setilaiti uone ni kiasi gani cha hizo 1,180 ni maji.

Mwana_Kwakuchinja ameandika:

Shikamoo Mzee. Nimeangalia, na kweli kona ya magharibi imekatiza juu ya Ziwa Manyara. Hata kerneli imemwagikia majini, ingawa kwa kiasi kidogo. Je, ninaweza kukata tu sehemu ya ziwa na kuripoti kilichobaki?

Mzee_wa_Burunge ameandika:

Marahaba. Kwa MCP unaweza kukata, mradi useme wazi kwamba umekata, kwa kuwa MCP haidai chochote kuhusu uwezekano. Kwa kerneli mambo ni tofauti. Kontua ya 95 inadai kwamba ndani yake mna asilimia 95 za msongamano wote. Ukikata ziwa, kilichobaki si 95 tena, kwa sababu sehemu ya msongamano imekwenda na maji. Inabidi msongamano wa majini ufutwe kwanza, uliobaki urekebishwe ili jumla yake irudi kuwa moja, ndipo kontua ichorwe upya.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa: umetumia `32737`, yaani UTM 37S, na umefanya vyema kulitumia kwa pointi zote. Mstari wa nyuzi 36 Mashariki, unaotenganisha kanda ya 36S na ya 37S, unapita hapo hapo kati ya Manyara na Tarangire. Nimeona faili ambamo programu ya kushusha data iliipa kila pointi kanda yake. Pointi iliyo kwenye mstari husomeka karibu 833,000 kwa mashariki ikiwa katika 36S, na karibu 167,000 ikiwa katika 37S. Ukizichanganya, mnyama mmoja anakuwa na makundi mawili yaliyoachana kilomita zaidi ya 600. Ukichagua kanda moja na kuvuka mpaka wake kidogo, umbali unakosewa kwa takriban sehemu moja katika elfu, na hilo halimdhuru mtu.

Laikipia_Malisho ameandika:

Salamu kutoka Kenya. Mimi sina tembo. Nina ng'ombe waliovishwa kola, na kila jioni wanarudi bomani. Niliposoma kwamba `href` ina kasoro nikahamia `LSCV`, kwa kuwa niliambiwa inachagua h kwa kuangalia data yenyewe. Imenitolea onyo kwamba hesabu haikutulia ndani ya mipaka ya `hlim`, na ramani imekuwa madoadoa, kila mti wa kivuli na eneo lake la maskani. Je, niongeze mipaka hiyo?

Bi_Takwimu ameandika:

Kuiongeza hakutakusaidia. Pointi zako nyingi zimelundikana mahali pamoja kila usiku, na zinazofuatana zinafanana mno. `LSCV` hutafuta h inayobashiri pointi moja kutokana na nyingine. Ikikuta kila pointi ina jirani aliye mita chache tu, inahitimisha kwamba h bora ni ndogo kupita kiasi. Hata tembo aliyelala sehemu moja saa nne huleta athari hiyo, sembuse boma. Kwa swali lako ningeondoa kwanza saa za bomani, kwa sababu mahali ng'ombe wanapolazwa umepachagua wewe. Kinachobaki ni eneo la malisho, nacho kina maana yake.

Nirudi kwa tembo. `href` ina kosa la pili linalovuta upande mwingine. Inachukulia kwamba pointi zote zimetapakaa kuzunguka kitovu kimoja. Tembo mwenye sehemu mbili anazozipenda, moja mtoni Tarangire na nyingine upande wa Manyara, ana σ kubwa kwa sababu ya umbali kati ya sehemu hizo, ilhali kila sehemu peke yake ni ndogo. Hapo h inakuwa pana mno kuliko inavyostahili kila kitovu, na ndiyo maana msongamano unamwagikia ziwani. Kosa moja linalipunguza eneo na jingine linalikuza, na mtu akipata namba inayoonekana ya busara, hawezi kujua kama imetokana na ukweli au na makosa mawili yaliyofutana.

Kwa utegemezi wa pointi, jaribu `ctmm`. Inaacha pointi zote mahali pake, inakadiria inachukua muda gani mahali alipokuwa pasahaulike, kisha inatumia idadi ya sampuli inayolingana na muda huo badala ya idadi ya mistari ya faili:

```r
library(ctmm)
x <- as.telemetry(d)
plot(variogram(x))
m <- ctmm.select(x, ctmm.guess(x, interactive = FALSE))
summary(m)
u <- akde(x, m)
summary(u)
```

Usiiruke variogramu, mchoro wa jinsi umbali kati ya pointi unavyokua kadiri muda kati yake unavyorefuka. Ikipanda kisha ikalala, mnyama ana maskani katika kipindi hicho. Ikiendelea kupanda mpaka mwisho, unachokipima si maskani, na hakuna mbinu itakayokuokoa. Nyumbu akipimwa akiwa safarini kuhama hutoa picha ya aina hiyo.

Mwana_Kwakuchinja ameandika:

Nimeiendesha. Muda wa kusahau mahali umetoka karibu siku 6, na `DOF` ya eneo, yaani hiyo idadi ya sampuli inayolingana, ni 27. Eneo la 95 ni kilomita za mraba 1,190, na mipaka ya makadirio ni kuanzia 780 hadi 1,680. Kusema kweli, mipaka hiyo imenitisha. Pointi zaidi ya 4,000, na bado sijui kama ni 800 au 1,600?

Variogramu inapanda, inalala kuanzia kama siku ya 20, kisha baada ya miezi miwili na nusu inaanza kupanda tena.

Bi_Takwimu ameandika:

Mipaka hiyo inasema alichokiona mtu aliyemfuata tembo huyu kwa miezi 6: amemwona akilizunguka eneo lake takriban mara 27. Kurekodi kila dakika kusingeipunguza mipaka hiyo. Kurefusha muda wa kola kungeipunguza. Rudi kwenye kanuni yetu uweke 27 mahali pa 4,200: σ ya kilomita 7.07 mara 0.577 inatoa h ya kilomita 4.1, ukilinganisha na 1.76 uliyoanza nayo. `akde` haipigi hesabu kwa njia fupi namna hiyo, lakini tofauti kati ya 640 na 1,190 imetoka humo.

Huko kupanda tena ndiko kunakonisumbua. Oktoba ni kiangazi, na tembo wengi wamejikusanya mtoni. Mvua zikishaanza wanatawanyika. Inawezekana una maskani mawili ya misimu miwili, na ukiyaunganisha unampa mnyama mmoja eneo ambalo hakuwahi kulitumia lote kwa wakati mmoja. Ningelikata faili siku alipohama, nikadirie kila kipande peke yake, nione kama variogramu zote mbili zinalala.

Nyati_Kavu ameandika:

Hapo ningeomba tahadhari. Upande wa kulia wa variogramu umejengwa kwa jozi chache za pointi, kwa kuwa katika faili la miezi 6 mitengano ya miezi mitatu na kuendelea haijirudii mara nyingi. Huko kupanda kunaweza kuwa bahati tu. Ukikata faili kwa sababu ya mkia wa variogramu, unabaki na vipande viwili vyenye `DOF` ya kumi na kitu kila kimoja, na mipaka mipana zaidi.

Bi_Takwimu ameandika:

Hoja hiyo naikubali, na kwa data hii peke yake siwezi kuiamua. Kama kola bado inafanya kazi, msimu ujao wa mvua utatuonyesha kama anarudi kule kule.

Mzee_wa_Burunge ameandika:

Ninyi malizeni variogramu. Mimi nawaza ramani ya kikao. Hakuna kontua yoyote kati ya hizi inayoonyesha ushoroba. Tembo huvuka Kwakuchinja kwa saa chache, kwa hiyo anaacha pointi chache, na kerneli ya 95 inaweza kukata hapo hapo na kuacha visiwa viwili. Mwanakijiji akiona visiwa viwili atasema katikati hapana tembo, kwa hiyo pagawiwe viwanja. Kwa hilo tumia pointi zako za kila saa zikiwa zimeunganishwa kwa mpangilio wa muda, kwa `kernelbb`, au hata chora tu mistari ya kila mvuko yenye tarehe na saa. Eneo la maskani liwe jedwalini, mivuko iwe kwenye ramani.

Mwana_Kwakuchinja ameandika:

Nimeelewa, Mzee, na mistari ya usiku nitaiwekea rangi yake. Jedwalini nitaandika 1,190 pamoja na mipaka yake, nitataja kipindi na kwamba ni misimu miwili, na MCP ya 100 itafuata chini kwa ajili ya wanaolinganisha na kazi za zamani. Limebaki jambo moja: kuanzia Februari kola ilibadilishwa irekodi kila baada ya saa nne ili kutunza betri, nami sikulitaja mwanzoni kwa sababu nililiona dogo.

Bi_Takwimu ameandika:

Si dogo. Kama ilibadilishwa Februari, pointi 4,200 haziwezekani. Kwa saa nne nne usingezidi karibu 3,300 kwa kipindi chote. Ama pointi zimejirudia kwenye faili, ama kola haikupokea amri. Tafuta tofauti ya muda kati ya kila pointi na inayoifuata, uichore kwa tarehe, na uhesabu mistari yenye muda ule ule. Ikiwa kweli ilibadilishwa, endesha upya kwa `akde(x, m, weights = TRUE)`, la sivyo kila siku ya Oktoba hadi Januari itahesabiwa mara nne ya siku ya Februari au Machi, na namba za kerneli ulizotupa hapa zitabadilika.